Lugha ya kubuni kwenye hadithi ya fantasia ni nini, na unaitengenezaje ikiwa ndogo tu

Lugha ya kubuni ni lugha anayoitunga mwandishi kwa ajili ya watu wa kwenye hadithi yake, na kwa mazungumzo tu huhitaji kamusi nzima, maneno thelathini na kanuni tatu nne zinakutosha kabisa. Shida ni kwamba wengi wanachukua sentensi ya Kiswahili wanabadilisha neno kwa neno, mwisho wa siku ni Kiswahili kilekile kimevaa kanzu nyingine, mpaka ngeli zimo.

Anza na sauti. Tuseme watu wako wa milimani wanaitwa Valkun, wape k, l, m, n, r, s, t, v na irabu a, o, u basi. Halafu amua kila neno liishie na konsonanti. Hapo tayari umeshaachana na Kiswahili, maana maneno yetu ya asili yanaishia na irabu, kwa hiyo msomaji akikutana na "tun" au "kor" sikio lake linajua huyu si wa kwetu.

Sasa kanuni. Kitenzi kinakaa baada ya kitu kinachotendwa. Wingi ni kurudia neno, tun ni jiwe, tuntun ni mawe. Mwenye mali anatangulia na anabeba -ak, sar ni mama, sarak tun ni jiwe la mama. Kukanusha unaweka mos mwishoni kabisa. Marc Okrand alipounda Kiklingoni cha filamu ya Star Trek ya 1984 alipanga mtendwa kwanza, kitenzi, halafu mtenda, mpangilio ambao lugha chache sana duniani zinao, na ndo maana kinasikika kigeni hivo.

Tujaribu, kor ni mgeni, vul ni kugusa:

"Kor sarak tuntun vul mos," bibi alisema, akauondoa mkono wa kijana juu ya kaburi.

Hakuna tafsiri hapo ila mkono umeshaeleza. Sentensi moja kama hiyo kwenye ukurasa inatosha, zikifika tano msomaji anaanza kuziruka na kazi yako yote imepotea.

Kitu ninachokipenda zaidi ni hiki, huyo bibi akiongea Kiswahili bado kanuni za kwao zinamponyoka: "Mgeni mawe ya mama anagusa, hapana." Humuandikii lafudhi ya ajabuajabu, mpangilio tu wa maneno unamtambulisha hata kabla hujataja jina lake.

Ila kanuni ziandike kwenye daftari, kwa sababu ukifika sura ya saba ukaandika "matun" kwa mazoea, wingi wako umeshavunjika na kuna msomaji ataona. Ukizishika vizuri, siku mlinzi getini anapopiga kelele "Korkor!" msomaji anajua wageni wamefika, na wako zaidi ya mmoja, bila wewe kumwambia.