Saa tatu za ziada kwenye ratiba ya boti

Karani wa tovuti moja ya ratiba za boti hapa Unguja aliniletea lalamiko lililomchosha. Asubuhi ya upepo wa kaskazi, boti ya saa 1 kwenda Mkoani ilisogezwa hadi saa 4. Alibadilisha ukurasa saa 12 na dakika 20, mapema kabisa, lakini kuna abiria waliofika Malindi saa 1 kasoro na simu zao bado zinaonyesha saa 1. "Kaka, mbona kwangu iko sawa?" akaniuliza.

Kwake ilikuwa sawa kwa sababu alikuwa akiuonyesha upya ukurasa, na kitendo hicho huifanya brauza iulize seva tena. Abiria aliyeufungua ukurasa kwa kubofya kiungo hupewa nakala iliyomo kwenye kache ya simu yake, maadamu muda wa nakala hiyo haujaisha. Kwa hiyo nilitaka kuona muda huo umeandikwaje. Amri ya `curl -I` huonyesha vichwa vya jibu peke yake, na abiria aliyeufungua ukurasa saa 12 na dakika 10 asubuhi alipewa hivi:

```
Date: Tue, 14 Jan 2025 03:10:00 GMT
Expires: Tue, 14 Jan 2025 06:40:00 GMT
```

Saa hizi tuzisome taratibu. Tarehe zote za vichwa vya HTTP huandikwa kwa GMT, popote seva ilipo na popote msomaji alipo. Zanzibar tuko saa 3 mbele, kwa hiyo 03:10 ni 06:10 ya kwetu, yaani saa 12 na dakika 10. Hapo `Date` haina kosa. `Expires` ya 06:40 GMT ni 09:40 ya kwetu, saa 3 na dakika 40 asubuhi. Ukurasa uliokusudiwa kukaa nusu saa umepewa saa 3 na nusu, na boti ya saa 1 ikaendelea kuonekana kwa abiria aliyeufungua kabla ya karani kuubadilisha.

Ziada ya saa 3 kamili, hapa kwetu, inakwambia moja kwa moja pa kutazama. `Date` imewekwa na programu ya seva yenyewe, inayojua kanuni. `Expires` imetungwa na msimbo wa tovuti:

```php
date('D, d M Y H:i:s', time() + 1800) . ' GMT'
```

Seva imewekewa majira ya `Africa/Dar_es_Salaam`, na `date` hutoa saa ya hapa. Kisha neno GMT limebandikwa tu mwishoni. Dawa yake ni kuandika `gmdate` badala ya `date`, na herufi mbili hizo zinatosha. Kuondoa GMT na kuweka `+0300` hakusaidii: kwa kanuni, tarehe ya muundo usiokubalika huhesabiwa kuwa imekwisha kupita, na kila anayefungua ukurasa atalazimika kuuliza seva upya, hata kama hakuna kilichobadilika.

Mimi napendelea kuongeza `Cache-Control: max-age=1800`. Hiyo hutaja sekunde, haitaji saa ya ukutani, na ikiwepo, kache huiacha `Expires`. Lakini usidhani sasa tumeachana na GMT. Umri wa nakala bado unapimwa kwa kutazama `Date`: simu inapopokea jibu hulinganisha tarehe hiyo na saa yake ya ndani.

Hapo ndipo simu zenyewe huleta mambo. Mtu ameweka majira ya London, akaona saa haimfai, akaisogeza kwa mkono mpaka ikasoma 10:00 kama ya hapa. Mwezi wa Januari simu hiyo inaamini kwamba ni 10:00 GMT, ilhali ni 07:00. Jibu lililotoka kwenye seva sasa hivi litaonekana lina umri wa saa 3, na nusu saa tuliyoliwekea itakuwa imekwisha kabla halijasomwa. Mwenye simu hiyo anasoma ratiba sahihi siku zote, ila kila anapofungua ukurasa simu inarudi kwenye seva. Simu iliyobaki nyuma haina tatizo hilo, kwa kuwa umri ukitoka chini ya sifuri huhesabiwa sifuri.

Nilipomrekebishia karani msimbo nilimwonya jambo moja. Nakala zilizokwisha kutoka hazirudi. Aliyeufungua ukurasa dakika moja kabla ya marekebisho anaweza kuendelea kuona ya zamani kwa saa 3 na nusu, isipokuwa auonyeshe upya. Kwa hiyo siku ile viungo vya ratiba tuliviwekea anwani mpya, ili kila simu ilazimike kuomba upya.