Hojaji 52 zisizorudi: namna ya kuandika vikwazo na mipaka ya utafiti

Sehemu ya vikwazo katika tasnifu nyingi za uzamili ninazosoma inafanana karibu neno kwa neno: fedha zilikuwa chache, muda haukutosha, baadhi ya watafitiwa walisita kujibu. Kisha inafuata aya ya utatuzi, kwamba mtafiti alikopa kwa ndugu na akawaelimisha watafitiwa. Mtahini akifika mwisho wa aya hiyo bado hajajua matokeo yameathirikaje. Uhaba wa fedha ni shida ya mtafiti. Unageuka kikwazo cha utafiti pale tu unapogusa data, tuseme ulikulazimu kuiacha shule ya mbali. Basi itaje shule iliyoachwa na ueleze inatofautianaje na zilizobaki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anatafiti mazoezi ya Hisabati yanayofanywa nyumbani na wanafunzi wa kidato cha pili, katika shule 4 za kutwa za Manispaa ya Morogoro.

Mipaka yake ni yale aliyoyaamua mwenyewe kabla ya kwenda uwandani, na kila uamuzi unahitaji sababu inayotokana na swali la utafiti. Shule za bweni ameziacha kwa kuwa wanafunzi wake hujisomea jioni chini ya usimamizi wa shule, kwa hiyo "nyumbani" hakupimiki kwao. Sababu hiyo inatosha. Angeandika tu kwamba utafiti "umejikita katika shule za kutwa", msomaji angedhani alichagua zilizo karibu na kwake.

Vikwazo ni habari nyingine, maana hivyo humkuta mtafiti kazini. Hapa aligawa hojaji 200, zikarudi 148. Kati ya hao 148, wanafunzi 89 walisema hufanya mazoezi angalau siku 3 kwa wiki, yaani asilimia 60.1. Wengi wangeandika kwamba "baadhi ya hojaji hazikurudi" na kuendelea na safari. Lakini swali la mtahini ni moja: hao 52 ni akina nani, na kutokuwepo kwao kunaisukuma ile 60.1 juu au chini?

Jibu linatafutwa kwenye daftari la mahudhurio na alama za muhula uliopita, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Linganisha wastani wa waliorudisha na wa wasiorudisha. Ikiwa wasiorudisha ni watoro zaidi na alama zao ziko chini, kuna kila dalili kwamba mazoezi nao huyafanya mara chache, na asilimia 60.1 imezidi hali halisi. Halafu piga hesabu ya ncha mbili. Kama wote 52 wasingefikia siku 3, ingekuwa 89 kwa 200, sawa na asilimia 44.5. Kama wote wangefikia, ingekuwa 141 kwa 200, sawa na asilimia 70.5. Sasa kikwazo kina ukubwa, na aya yake inaweza kusomeka hivi:

"Hojaji 52 kati ya 200 hazikurudi. Daftari za shule zinaonesha kuwa wanafunzi hao walikuwa na mahudhurio hafifu kuliko waliojibu, hivyo asilimia 60.1 huenda imezidi hali halisi. Hata kama hakuna hata mmoja wao anayefikia siku 3, kiwango hakingeshuka chini ya asilimia 44.5. Kwa sababu hiyo, utafiti huu haudai kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi hufanya mazoezi nyumbani angalau siku 3 kwa wiki."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa kuwa mtafiti mwenyewe ameliacha dai ambalo data yake haiwezi kulibeba. Mtahini hana tena pa kumkamatia.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kugeuza kikwazo kuwa mpaka baada ya tukio. Shule moja ikikataa kutoa kibali, tasnifu inaandikwa kana kwamba tangu mwanzo zilikusudiwa shule 3. Pendekezo la utafiti lililopitishwa linasema 4, na msimamizi analo. Ukigundulika hapo, hata takwimu zako safi zitatiliwa shaka. Andika kwamba zilipangwa 4, moja haikutoa kibali, na ueleze iko wapi na ni ya namna gani.

Ukishaandika vikwazo, rudi kwenye ikisiri na sura ya hitimisho ukiwa na kalamu. Hojaji iliyojazwa mara moja, tena kwa maelezo ya mwanafunzi mwenyewe, haiwezi kuthibitisha kwamba mazoezi "yanasababisha" ufaulu, na kuvikiri vikwazo vizuri katika sura ya kwanza hakubadilishi hilo. Badilisha kitenzi kiwe "yanahusiana na". Na kama kichwa cha tasnifu kinasema "Tanzania", kiandike upya kitaje Manispaa ya Morogoro.