Nasogeza, unisogezee, kusogezewa

Nakaa Kimara, na Jumatano moja ya masika nilikuwa na safari tatu za mjini kwa siku moja. Saa nne asubuhi nilikuwa na miadi na afisa wa ofisi moja ya serikali kule Posta, saa saba nipite kwa shosti yangu Kariakoo, na jioni niende kumsalimia baba mkubwa Upanga. Mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipopambazuka tukasikia Jangwani, bonde lililo kati ya Kimara na mjini, pamejaa maji, barabara imefungwa, mwendokasi hauvuki. Ikabidi niwatafute wote watatu kabla ya saa tatu.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa wageni, kwa hiyo nina mazoea ya kuyasikiliza maneno yanayonitoka. Asubuhi ile ya kuomba miadi ibadilishwe nilitumia kitenzi kilekile, kusogeza, kwa watu watatu, lakini kila mmoja nilimpa umbo lake. Tangu hapo ndivyo ninavyofundisha somo la heshima. Siku hizi sianzi na orodha ya maneno ya adabu. Naanza na swali moja: katika sentensi yako, ni nani anayesogeza huo muda?

Kwa shosti, anayesogeza ni mimi. Nilimtumia sauti ya kwenye simu: "Shosti, Jangwani pamefungwa bwana. Nasogeza mpaka kesho saa saba, sawa?" Akajibu, "Poa. Usile huko, napika." Sikuomba chochote. Nilimpa habari, kisha ile "sawa?" ikamwachia nafasi ya kukataa. Kama naye angekuwa ametoka mbali kuja kukutana nami, ningesema "tusogeze", maana hapo hasara ni ya wote wawili. Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia rafiki yake wa karibu, "Naomba kubadilishiwa muda. Samahani kwa usumbufu." Rafiki alipiga simu papo hapo kuuliza, "Nimekukosea nini?" Kila neno katika ujumbe ule lilikuwa sahihi, ila lilikuwa la mtu anayejitenga. Wawili waliozoeana wakianza ghafla kuombana radhi kwa usumbufu, mmoja huhisi mlango umefungwa.

Kwa baba mkubwa sikutuma ujumbe, nilipiga simu. Maandishi yana sura ya kumpa mkubwa taarifa na kumaliza, ilhali simu inampa nafasi ya kuuliza na kuamua. Nikaanza, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Nikauliza hali ya mama mkubwa na goti lake, akauliza kama maji yameingia kwetu. Hayo yalichukua kama dakika tatu. Ndipo nikasema, "Baba, nilikuwa naomba unisogezee kidogo siku ya kuja. Jangwani pamefungwa."

Tuitazame kidogo sentensi hiyo. "Nilikuwa naomba" si habari ya jana, maana ombi ni la sasa hivi. Ule wakati uliopita unalirudisha ombi nyuma hatua moja, kama jambo nililokuwa nalo moyoni ambalo bado naweza kuliacha akilikataa. Halafu "unisogezee". Hiyo "u" mwanzoni inamfanya yeye ndiye msogezaji. Ratiba ni yake, mimi ninafanyiwa hisani, na hisani hiyo imo katika "ni" pamoja na kiambishi cha kutendea kilichoongezwa kwenye "sogeza". "Kidogo" inapunguza uzito wa ninachokitaka. Tena angalia kisichokuwemo: sikutaja saa. Mkubwa ukimtajia saa mpya umeshaamua, umebakiza kumjulisha tu.

Akasema, "Maji hayo hayachezewi. Basi njoo usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi."

Hapa wageni wangu wengi hupotea, na hata vijana waliokulia mjini. Kwa wazee wa Pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao wengine tungeuita Alhamisi usiku. Baba mkubwa alikuwa ananiita kesho yake. Lakini Dar ina watu wa kila mkoa, na mzee mwingine akisema maneno hayohayo huenda anakusudia kesho kutwa. Kuuliza "una maana siku gani?" kunamfanya mkubwa aonekane hajasema sawasawa. Mimi huwa nairudia miadi kwa maneno yangu: "Kesho basi, baba, mkishatoka msikitini?" Akasema, "Ehee, kesho." Kama ningekuwa nimekosea, hapo angenirekebisha bila mmoja wetu kuona aibu.

Wanafunzi hudhani "tafadhali" itawaokoa. Mmoja alimwambia mzee wa nyumba alikopanga, "Tafadhali badilisha muda wa kuonana." Hiyo bado ni amri, na "tafadhali" mbele ya amri ina sauti ya tangazo la stendi. Mzee alijibu "Haya" na kukata simu. Jibu la namna hiyo ndilo la kuangalia. Mkubwa aliyeridhika hukuongezea neno, atakuagiza uwasalimie wa nyumbani au atakuonya uangalie njia. "Haya" tupu ina maana muda umesogezwa lakini moyo haukusogea nao. Dawa yake ni kwenda mwenyewe, kwa miguu yako, na kuanza upya na shikamoo.

Afisa hakupokea simu, nikamwandikia:

"Ndugu Afisa, habari za asubuhi. Nina miadi nawe leo Jumatano saa 4:00 asubuhi kuhusu hati ya kiwanja. Kutokana na barabara kufungwa Jangwani, naomba kusogezewa muda hadi kesho Alhamisi, saa 4:00 asubuhi, au wakati mwingine utakaofaa. Samahani kwa usumbufu."

"Kusogezewa" haina mtu ndani yake. Haisemi wewe unisogezee, maana siombi hisani ya mtu binafsi, na ukimwomba afisa kama unavyomwomba mjomba, unamtia katika hali ambayo si ya ofisi. Jambo litafanywa na ofisi, yeyote aliyekaa kwenye kile kiti. Saa nimeitaja, kinyume kabisa na kwa baba mkubwa, kwa sababu mtu mwenye foleni ya watu mlangoni ukimwachia afikirie saa yako umemwongezea kazi. Angekuwa diwani au mkuu wa wilaya ningeandika "Mheshimiwa". Kwa afisa, "Ndugu" inatosha na haina harufu ya kubembeleza. Kosa linaloharibu ujumbe kama huu kuliko yote ni la tarakimu. Simu inaonyesha 10:00, nawe unanakili "saa 10:00", msomaji anasoma saa kumi ya jioni. Andika 4:00, kisha "asubuhi" iwe pembeni yake.

Alijibu baada ya nusu saa: "Sawa. Uje na nakala ya kitambulisho."

Kesho yake barabara ilikuwa imefunguliwa. Nikapita ofisini, nikala Kariakoo, na kwenye saa kumi na moja baba mkubwa akapiga simu. "Mwanangu, usije baada ya magharibi. Njoo sasa hivi, mvua inarudi." Hakukuwa na "naomba" wala "nilikuwa". Nikamwambia, "Nakuja, baba."