Miti Hupoza Mji kwa Nyuzi Ngapi? Saa Inaweza Kukudanganya

Kujua kama mtaa wenye miti una hewa baridi kuliko mtaa wa lami tupu ni rahisi. Kazi ni kusema una baridi kwa nyuzi ngapi, na ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinachotokana na miti yenyewe. Njia tunayoitumia sana ni kufunga kipimajoto kwenye baiskeli au gari, kukata mji kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kurekodi joto la hewa pamoja na mahali kila baada ya sekunde chache. Wilhelm Schmidt alikuwa tayari akipima Vienna kwa gari mwaka 1927, kwa hiyo mbinu si ngeni. Makosa yake nayo si mageni.

Kosa kubwa linatokana na muda. Wakati unazunguka mji, joto la mji mzima nalo linapanda au kushuka. Tuchukue mfano wa kubuni. Tunaondoka kituo cha mwanzo saa 8:00 mchana, kipimajoto kikisoma nyuzi 32.0. Dakika ya 20 tunapita mtaa wa lami, ambako majani ya miti yanafunika asilimia 10 ya eneo: 33.4. Dakika ya 45 tunapita mtaa wenye miti, asilimia 50: 32.5. Saa 9:00 tumerudi palepale tulipoanzia, na sasa kunasoma 33.2.

Ukitoa moja kwa moja, miti inaonekana kupoza kwa nyuzi 0.9. Lakini kituo cha mwanzo, ambacho hakikuhama, kimepanda nyuzi 1.2 kwa dakika 60, yaani 0.02 kila dakika. Basi tunapunguza 0.4 kwenye mtaa wa lami na 0.9 kwenye mtaa wa miti, ili vyote visomeke kana kwamba vilipimwa saa 8:00. Tunapata 33.0 na 31.6, tofauti ya nyuzi 1.4. Sasa fikiria tungezunguka kinyume, tukaanza na miti dakika ya 15 na kufika kwenye lami dakika ya 40: bila kusahihisha tungeondoka na 1.9. Mitaa ileile, siku ileile, majibu mawili yanayopishana kwa nyuzi nzima kwa sababu ya mwelekeo wa safari tu. Ndiyo maana napendelea njia ipimwe pande zote mbili, na kipimajoto cha pili kiachwe kimesimama kituoni, maana joto halipandi kwa mstari ulionyooka kila siku. Wingu moja tu linatosha kuliyumbisha.

Halafu kuna mwinuko. Mchana wa jua hewa hupungua joto kwa karibu nyuzi 1 kila mita 100 unazopanda. Ikiwa mtaa wetu wa miti uko mita 40 juu ya ule wa lami, nyuzi 0.4 ni za kilima. Zinabaki 1.0, na kwa kuwa tofauti ya kivuli ni asilimia 40, tunasema takriban nyuzi 0.25 kwa kila asilimia 10 ya kifuniko cha majani. Kwa vituo viwili hilo ni makadirio tu. Kazi halisi huchora vituo vingi kwenye grafu na kutafuta mstari unaovipitia.

Mstari huo mara nyingi hupinda. Utafiti wa baiskeli uliofanyika Madison, Wisconsin, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa mchana upozaji huongezeka zaidi pale majani yanapovuka asilimia 40 ya eneo lenye ukubwa wa kitalu kimoja cha mji. Kwa hiyo wastani wa nyuzi kwa asilimia 10 unaweza kuutia chumvi mti mmoja uliopandwa kwenye lami na kuupunja ule unaoongezwa mahali ambapo tayari kuna kivuli kingi.

Asilimia yenyewe hupatikana bila vifaa vya gharama. Chora duara kwenye picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, tupa nukta 100 bila kuchagua, kisha hesabu zilizoangukia majani. Zikiwa 37, kifuniko ni asilimia 37, na kosa la kawaida la sampuli ni karibu asilimia 5 kila upande.

Angalia pia mwendo. Kihisi kinachohitaji sekunde 30 kuizoea hewa mpya, kikienda kilomita 20 kwa saa, kitakuwa kimesonga zaidi ya mita 160 kabla hakijakubali kuwa kimeingia kivulini. Dalili yake ni hii: kilele cha baridi kinajitokeza baada ya kuipita miti ukienda, na upande wa pili wa miti hiyohiyo ukirudi.

Linalobaki gumu ni kwamba penye miti mingi kwa kawaida pana lami na saruji kidogo. Tukitaka kuvitenganisha, tunahitaji mitaa yenye lami sawa na miti tofauti, na ipimwe usiku pia: jua likishazama, faida ya kivuli hupungua sana, na tofauti inayobaki huwa zaidi ni ya joto lililohifadhiwa na lami na kuta.