“Nilizidisha Ufunguo”: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kujaza Saa ya Mkono

Hivi karibuni mteja aliniwekea mezani saa ya marehemu baba yake, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kosa: “Fundi, nadhani nilizidisha ufunguo,” yaani aliijaza kupita kiasi mpaka ikasimama. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, kutoka kwa wazee na kwa vijana, na kila mara aliyeyasema amekuja akijilaumu kwa jambo ambalo hakulifanya. Naandika kwa wenye saa za kujaza kwa mkono, zisizo na betri wala otomatiki, kwa sababu dhana hii inawafanya watu waishie nusu wanapozijaza saa zilizo nzima, na waache bila kusafishwa saa zinazohitaji kusafishwa.

Dhana: Saa ilisimama kwa sababu ilijazwa kupita kiasi

Kamani, inayoipa saa nguvu ya kutembea, ni utepe mrefu na mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo. Ncha yake ya ndani imenasa kwenye mhimili ulio katikati, na ncha ya nje imeshika ukuta wa kikopo. Ukizungusha kitufe cha kujazia kilicho ubavuni mwa saa, mhimili huuvuta utepe na kujiviringishia, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka utepe wote umebanana katikati na hakuna sehemu iliyobaki ya kuviringisha. Hapo ndipo vidole huhisi kitufe kimegoma. Kugoma huko hakumaanishi kwamba umeharibu kitu. Kamani imejaa tu, na saa iliundwa ili ijazwe mpaka hapo.

Kwa nini basi saa iliyokufa huletwa ikiwa imejaa kabisa? Ni kwa sababu kilichoisimamisha kimezizuia gurudumu zake zisiipokee nguvu ya kamani. Mwenye saa akiiona imesimama, huijaza. Kamani ikijaa na saa ikabaki kimya, huamini kwamba kujaza ndiko kulikoiua. Mpangilio wa mambo ni kinyume chake: kamani imebaki imejaa kwa kuwa saa haitembei.

Saa ya mteja wangu ilikuwa na mashine ya Peseux 7001, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la ETA 7001, mashine nyembamba yenye unene wa milimita 2.5 na vito 17. Ilikuwa imelala kwenye droo tangu mzee afariki. Mwanawe aliitoa, akaijaza mpaka ikagoma, ikatembea kwa dakika chache, kisha ikasimama. Nilipoitikisa taratibu kwa kuizungusha kiganjani, mshale mdogo wa sekunde uliamka, ukatembea kidogo, ukalala tena. Saa inayoamka kwa kutikiswa kisha ikalala, huku kamani yake imejaa, kwa kawaida ina uchafu au mafuta yaliyokauka, na hilo nilikuwa nimelishuku kabla sijaufungua mfuniko wa nyuma.

Baada ya kuufungua, jambo la kwanza lilikuwa kuitoa nguvu kamani, kwa maana kuinua daraja la gurudumu huku kamani imejaa ni kukaribisha meno kuvunjika. Juu ya gurudumu kubwa la kujazia kuna ulimi mdogo wa chuma unaoingia kati ya meno na kulizuia lisirudi nyuma. Huo ndio unaotoa ule mlio wa tiki-tiki unapojaza. Nilikishika kitufe kwa nguvu, nikausogeza ulimi pembeni kwa ncha ya kibanio, kisha nikakiachia kitufe kirudi polepole kati ya vidole mpaka kamani ikafunguka yote. Nilipoitoa kikoponi na kuichunguza kwa lenzi, haikuwa na ufa wala doa la kutu. Kwenye ncha za mihimili ya gurudumu, hata hivyo, mafuta yalikuwa yamegeuka kuwa utando wa kahawia unaonata kama asali iliyokauka kwenye kijiko. Nikasafisha mashine yote, nikaweka mafuta mapya, nikairudisha kamani ileile na kuijaza mpaka ilipogoma, yaani mpaka palepale ambapo mteja aliamini kwamba ameiua. Ikatembea.

Hofu hii haikuzuka bure. Kamani za zamani zilikuwa za chuma cha kaboni chenye rangi ya buluu, na zilikuwa na tabia ya kukatika ghafla, mara nyingine wakati mwenye saa ameshika kitufe. Huku kwetu pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, doa dogo la kutu lilitosha kuwa mwanzo wa ufa. Tangu katikati ya karne ya 20 watengenezaji walihamia kwenye kamani za metali mseto zisizoshika kutu kwa urahisi na zisizochoka upesi. Tena, hata kamani ya zamani ikikatika, kitufe hakigomi. Huzunguka bila uzito wowote, hata ukizungusha mara mia. Anayeniambia kwamba saa “imekaza” ananieleza, bila kujua, kwamba kamani yake ni nzima.

Kinachovunjika kweli huvunjika kwa kulazimishwa. Nimewahi kuletewa saa ambayo mwenyewe, baada ya kitufe kugoma, aliona kimeganda, akakishika kwa koleo na kukizungusha. Parafujo ya ulimi ilikatika kichwa, na meno mawili ya gurudumu la kujazia yakalika. Ulimi ulipoachia, nguvu yote ya kamani ilirudi kwa mkupuo mmoja. Hayo ni madhara ya koleo, na hayana uhusiano na wingi wa mizungusho. Vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, vikitumia nguvu ya kawaida na kusimama vinapozuiwa, haviwezi kuyafanya hayo kwenye saa nzima.

Jifunze kuihisi hatua ya mwisho. Mizungusho ya mwanzo huwa myepesi. Minne au mitano ya mwisho huwa mizito kidogo, kila mmoja ukizidi uliotangulia, kisha kitufe hukataa, kama kamba iliyofika mwisho wake. Hapo simama, wala usijaribu “kimoja cha mwisho”. Usikiachie kitufe ghafla pia; kilegeze taratibu, nawe utakihisi kikirudi nyuma kidogo sana. Watu wengi huogopa wakikihisi kinarudi, lakini hilo limekusudiwa: ulimi umeachiwa nafasi ndogo ili kamani ipumue kidogo baada ya kujaa. Bila nafasi hiyo, nguvu ya mwanzo ingekuwa kubwa mno, na gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kuipa saa mwendo wake, lingeyumba kupita mpaka wake na kujigonga.

Dhana: Kuna idadi moja ya mizungusho inayofaa kila saa

Mmoja atakwambia 20, mwingine 30, mwingine 40, na kila mmoja anasema kweli kuhusu saa yake mwenyewe. Idadi hutegemea urefu wa kamani, uwiano wa meno, na hata vidole vyako, kwa sababu mwenye vidole virefu huzungusha sehemu kubwa zaidi ya duara kwa mkupuo mmoja. Kinachokuongoza ni kule kugoma. Hata hivyo, nashauri uhesabu, kwa sababu hesabu ya saa yako itakuonya mapema kuliko mishale.

Tuichukue saa ya mteja yule. Kutoka kwenye kamani tupu, vidole vyake vilitoa mizungusho 35 mpaka kitufe kikagoma, na mashine hiyo imeundwa kutembea kwa takribani saa 42 ikiwa imejaa. Akiijaza kila baada ya saa 24, atakuwa ametumia sehemu 24 katika 42, yaani atahitaji mizungusho ipatayo 20. Ikitokea asubuhi moja kitufe kikagoma kwenye mzungusho wa 12, asifurahi kwamba amepunguziwa kazi. Mizungusho 12 ni nguvu ya saa 14 na dakika kidogo tu, kwa hiyo saa ilisimama usiku kwa zaidi ya saa tisa, kisha ikaamshwa na mkono alipoichukua. Mishale itakuwa nyuma, naye huenda akaisogeza bila kujiuliza. Iwapo atazungusha mara 50 bila kitufe kugoma, ncha ya kamani imeachia au kamani imekatika, na saa inahitaji fundi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu saa za otomatiki, zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, ambazo zaweza pia kujazwa kwa kitufe. Ncha ya nje ya kamani yake haikushikwa. Huteleza kwenye ukuta wa kikopo inapojaa, kwa hiyo hazigomi kabisa. Mwenye saa za aina zote mbili asichukue mazoea ya hii na kuyapeleka kwa ile.

Dhana: Kamani ipumzishwe

Wapo wanaojaza nusu “ili kamani isichoke”, na wapo wanaosubiri saa isimame ndipo wajaze. Kamani haichoki kwa kujaa. Kadiri inavyofunguka ndivyo nguvu yake inavyopungua, na gurudumu la mizani huyumba kwa upana mdogo zaidi. Katika hali hiyo makosa madogo ya urekebishaji huonekana zaidi, na saa huanza kukimbia au kuchelewa bila mpango. Anayejaza leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa mchana, huniletea malalamiko kwamba saa “haina msimamo”, ilhali asiye na msimamo ni ratiba yake. Ukiijaza mpaka mwisho kila siku kwa wakati uleule, saa hutumia kila siku kipande kilekile cha kamani, kile chenye nguvu, na kosa lake la sekunde chache hufanana siku hadi siku. Kosa linalofanana fundi anaweza kulirekebisha.

Mimi napendelea asubuhi, kabla ya kuivaa, ili saa iwe na nguvu kamili wakati mkono unatembea na kutikisika. Ukipendelea usiku, sawa, mradi usibadilishebadilishe.

Mengine mawili kwa ufupi

Kukirudisha kitufe nyuma kati ya mzungusho na mzungusho hakuharibu kitu katika saa za kawaida, kwa sababu meno yake yaliyochongwa kwa mshazari huteleza upande huo. Huna haja ya kukiinua kidole kila mara.

Lakini ile dhana kwamba saa yaweza kujazwa ikiwa mkononi naipinga vikali. Ikiwa imevaliwa, kidole hukisukuma kitufe kwa pembe, na kijiti chembamba kinachokishika hupinda kidogo kila siku mpaka kilegee au kikatike. Ivue, ishike kwa mkono mmoja, ujaze kwa mwingine.

Mteja alipokuja kuichukua saa ya baba yake nilimwomba aijaze mbele yangu, akihesabu kwa sauti. Alipofika 31 uzito uliongezeka, akasita na kuniangalia. Nikamwambia aendelee. Kwenye 35 kitufe kiligoma, akakilegeza, nacho kikarudi nyuma kidogo kati ya vidole vyake.