Nusu-umbo la Rankine: kasi hujumlishwa, kanieneo haijumlishwi

Ukichukua mkondo sare unaokwenda kulia kwa kasi U, ukaujumlisha na chanzo kimoja kinachomwaga maji pande zote, unapata umbo lenye pua butu mbele na lisilofungika nyuma. Hesabu zake ni fupi, lakini husomwa vibaya mara nyingi. Tuchukue maji, U = 4 m/s, na chanzo chenye nguvu m = 5 m²/s, yaani mita za ujazo 5 kwa sekunde kwa kila mita ya kina.

Dhana: Pua ya umbo iko penye chanzo.
Hapana. Kasi ya chanzo kwa umbali r kutoka kwake ni m/(2πr), hivyo hufifia kadiri unavyokwenda mbali. Pua ni mahali kasi hiyo inapolingana na U na kuikabili: b = m/(2πU), hapa takriban 0.20 m mbele ya chanzo.

Dhana: Maji ya chanzo yatapenya ukuta wa umbo.
Ukuta huo ni mstari wa mtiririko unaopita kwenye pua, na maji hayavuki mstari wa mtiririko. Yote yaliyotoka kwenye chanzo hubaki ndani na kuelekea nyuma. Mbali kabisa kasi yao inakuwa U, kwa hiyo upana wa umbo hukaribia m/U = 1.25 m. Kwenye usawa wa chanzo upana ni nusu ya huo, 0.625 m. Mchoro usiotoa uwiano huo una kosa.

Dhana: Kwa kuwa kasi zinajumlishwa, kanieneo nazo zinajumlishwa.
Hili ndilo kosa zito kuliko yote, na pua inalifichua vizuri. Chanzo peke yake, kwa umbali b, kina kasi ya 4 m/s. Kwa kanuni ya Bernoulli, kanieneo hapo iko chini ya ile ya mbali kwa ½ρV², ambapo ρ ni densiti ya maji na V ni kasi, yaani 8 kPa. Mkondo sare peke yake hauleti tofauti yoyote. Ukijumlisha unapata −8 kPa. Lakini penye pua maji yamesimama, na kanieneo halisi ni +8 kPa: ukubwa uleule, alama kinyume! Sababu ni kwamba Bernoulli hutumia kipeo cha pili cha kasi. Jumlisha kwanza kasi kama vekta, kisha utafute kanieneo mara moja tu.

Dhana: Maji hukimbia zaidi pale umbo lilipo pana zaidi.
Upana huongezeka bila kukoma kuelekea nyuma, na huko kasi inarudi kuwa U. Kilele kiko karibu na pua: kwenye pembe ya takriban 63° kutoka mwelekeo wa mkondo, ukipimia kwenye chanzo, kasi ukutani ni 1.26U, yaani 5.04 m/s. Kuanzia hapo kanieneo hupanda taratibu kuelekea nyuma, na tabaka la mpaka, yaani tabaka jembamba la maji linalogusa ukuta, ambalo modeli hii isiyo na mnato hailioni, huanza kusukumwa kinyume.