Wazazi, hiyo "ukiona mainasi geuza" ndiyo inayowakosesha watoto

Wazazi na walezi wenzangu wa Tanga, salamu. Naandika hii kwa sababu juzi tena baba mmoja kanitumia picha ya daftari la mwanawe wa kidato cha kwanza, chini yake kaandika: "Mwalimu, mbona hapa umempiga kosa? Mainasi ipo, na mtoto kageuza alama kama inavyotakiwa." Mzee wangu hana ubaya, ametetea mwanawe. Ila hii kauli ya ukiona mainasi geuza nimeisikia kwa wazazi, kwa makaka wanaosaidia wadogo zao homuweki, mpaka tuisheni za mtaani, na leo imenifika hapa shingoni. Ngoja nieleze mara moja kwa wote.

Nazungumzia zile hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko, watoto wanaziita inikwaliti. Kwenye hilo daftari kulikuwa na maswali mawili. La kwanza 2x < -8, mtoto kajibu x > -4. La pili 7 - 2x < 15, mtoto kajibu x < -4. Yote mawili kakosa. Sasa msikimbilie kusema kabahatisha, hajabahatisha hata kidogo, kafuata sheria aliyofundishwa nyumbani neno kwa neno. Swali la kwanza kaangalia upande wa kulia kaona -8, mainasi hiyo, kageuza mdomo wa alama. Swali la pili kafanya vizuri tu mwanzo, katoa 7 pande zote kapata -2x < 8, akaangalia kulia akaona 8 safi haina mainasi, akaacha mdomo ulivyo. Mtoto mtiifu, sheria mbovu.

Kinachogeuza mdomo ni kitendo chako, kuzidisha au kugawanya pande zote mbili kwa namba hasi. Basi. Kuiona hasi imekaa mahali hakugeuzi kitu. Kwenye 2x < -8 unagawanya kwa 2, hiyo 2 ni chanya, mdomo unabaki, jibu x < -4. Kwenye -2x < 8 unagawanya kwa -2, mdomo unageuka, jibu x > -4. Kwa hiyo cha kumuuliza mtoto ni "umegawanya kwa ngapi?", ukimuuliza "mainasi iko wapi?" unampoteza.

Na kwa nini ugeuke? Hapa ndipo vitabu vingi vinaandika sheria kwenye kiboksi vinaendelea na safari, na mtoto anabaki anakariri. Fanyeni hivi nyumbani. Chukueni chaki mchore mstari wa namba sakafuni au uani, sifuri katikati, chanya kulia mpaka 6, hasi kushoto mpaka -6. Simamisha watoto wawili, mmoja kwenye 2 mwingine kwenye 5. Kubwa ni yule aliye kulia zaidi, hilo walishike sana, kulia zaidi ndio kubwa. Sasa waambie watoe 6, yaani kila mmoja apige hatua sita kushoto. Wa 2 anaishia -4, wa 5 anaishia -1. Wote wako kwenye hasi sasa, lakini angalia nani yuko kulia: bado ni yule yule. 2 < 5 imekuwa -4 < -1 na mdomo haujatikisika, manake wote wamesogea pamoja kwa hatua zile zile, hakuna aliyempita mwenzake. Hasi zimejaa pande zote na hakuna kilichogeuka.

Alafu warudishe kwenye 2 na 5, uwaambie wazidishe kwa -1. Hapo kila mmoja anahamia upande wa pili wa sifuri kwa umbali ule ule aliokuwa nao. Wa 2 anaenda -2, wa 5 anaenda -5. Waache wasimame hivyo kidogo wajitazame. Aliyekuwa mbele kulia sasa ndiye wa mwisho kushoto. Wamepishana. Mwandikie 2 < 5, chini yake -2 > -5, na hapo hahitaji tena kuambiwa geuza, kashaona mwenyewe watu wamepishana. Mtoto akishalitembea hilo kwa miguu yake huwa simrudii.

Hapo hapo kuna kero nyingine ndogo ambayo inanipa kazi, ule mdomo wa mamba. Tangu darasa la pili mtoto anaambiwa mamba anakula kikubwa, na kwa 3 na 7 mamba yuko sawa. Siku mkimletea -3 na -7 mamba anafungua mdomo kwa -7 kwa sababu mtoto anaona saba ni kubwa. Mimi siwakatazi mamba, ila akishaingia namba hasi mpumzisheni, tumieni kulia na kushoto.

Kuna walimu wenzangu wanakwepa kabisa suala la kugeuza. Wanamwambia mtoto: ukiona x ina hasi mbele, ihamishie upande wa pili iwe chanya. Kwa swali letu inakuwa hivi, 7 - 2x < 15, ongeza 2x pande zote, 7 < 15 + 2x, toa 15, -8 < 2x, gawanya kwa 2, -4 < x. Hamna kilichogeuka na jibu ni sahihi. Kwa kweli sijaamua mpaka leo ipi bora. Miaka mingine naanza na hii kwa sababu makosa yanapungua pale pale, alafu nakutana na kosa lingine: mtoto anapata -4 < x, anataka x ianze mbele, anaandika x < -4. Kabadilisha nafasi kasahau mdomo. Kwa hiyo ule ugeuzaji uliokwepwa mlangoni umeingilia dirishani. Dawa niliyonayo ni kumfanya asome kwa sauti, kisha asome tena akianzia kwenye x: "hasi nne ni ndogo kuliko x, kwa hiyo x ni kubwa kuliko hasi nne." Akisoma kimya kimya anakosea.

Jambo lingine ni kwamba jibu la inikwaliti si namba moja. Watoto wanatoka kwenye milinganyo ambako x = 4 ndio mwisho wa habari, wanakuja huku wanaandika x = -4 wanapiga mstari chini, wamemaliza. Hapa Tanga mna mfano mzuri kuliko wa kitabu chochote, barabara za Ngamiani. Mtu akikwambia kahamia barabara iliyo juu ya ya nane, hujui nyumba yake bado, lakini unajua ya tisa inawezekana, ya kumi na mbili inawezekana, ya sita haiwezekani, na ya nane yenyewe haimo. Hiyo ndiyo x > 8. Tofauti ni kwamba x inaruhusiwa kukaa hata kati ya barabara mbili, 8.5 imo, na 8.01 imo pia. Kama ni kuanzia ya nane basi na ya nane imo, ndio ile x ≥ 8, na kwenye mstari wa namba duara linajazwa. Haimo, duara linabaki wazi. Mkiwa barabarani muulizeni, kibao cha 50 kinaruhusu 50 yenyewe au hakiruhusu? Kinaruhusu, kwa hiyo mwendo ≤ 50. Mwenye miaka 18 kamili anapiga kura? Anapiga, kwa hiyo umri ≥ 18. Hilo halihitaji daftari.

Sasa kwa mzazi anayesema mimi hesabu niliziacha zamani mwalimu, nitamsaidiaje? Huna haja ya kujua kukokotoa. Kazi yako ni kujaribu jibu lake kwa namba, na namba ya kwanza kushika ni sifuri. Chukua 7 - 2x < 15 na jibu alilokupa la x < -4. Weka 0 kwenye swali: 7 - 0 ni 7, je 7 ni ndogo kuliko 15? Ndiyo. Kwa hiyo sifuri inakubalika, lazima iwemo kwenye jibu. Sasa angalia jibu, je sifuri ni ndogo kuliko hasi nne? Hapana, haimo. Swali linasema imo, jibu linasema haimo, basi mwanangu rudia.

Kwa nini nasisitiza sifuri? Kwa sababu nimeona wazazi wanaojitahidi wanachagua -5, kwa vile iko ndani ya jibu la mtoto, na mtoto anakokotoa 7 - 2(-5) anasema 7 toa 10, hasi tatu, ni ndogo kuliko 15, unaona mama nimepata. Wakati hasi mara hasi ni chanya, ilikuwa 7 + 10 = 17, na 17 si ndogo kuliko 15. Kosa la pili limelificha la kwanza na wote mmelala mkiwa na furaha. Sifuri haina mtego huo. Mkishajaribu sifuri, jaribuni na mpaka wenyewe, -4: 7 + 8 = 15, pande zote zinalingana, kwa hiyo mpaka uko sahihi na kilichobaki ni upande gani tu. Pande zisipolingana, kosa liko kwenye kukokotoa huko juu, msihangaike na mdomo kabla ya hapo.

Siwafichi, njia hii ina kikomo. Inatosha hapa kwa sababu mpaka ni mmoja na x iko peke yake. Kwenye x² > 9 mipaka ni miwili, 3 na -3, sifuri peke yake haiwaambii kila kitu. Na mpaka ukiwa ni sifuri yenyewe chukueni 1. Pia kwenye mtihani mtoto lazima aonyeshe njia, kujaribu namba ni kwa ajili ya kujihakiki, hakumpi maksi za hatua.

Anzeni na haya: 3x < -12, -3x < 12, 5 - x ≥ 9, na 4 < 10 - 2x. Matatu ya mwanzo yote yana mpaka -4, nimefanya makusudi ili asiweze kunakili jibu la juu, kila moja ajaribu kwa sifuri. La mwisho mpaka wake 3, na akikuletea x > 3 usimwambie kakosa, mwambie aweke sifuri. Majibu siandiki hapa, maana najua simu anayo nani jioni.